Mbao Zilizotumwa kwa Posta

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wapokea barua katika makao makuu ya Benki Kuu ya Marekani mjini Washington walizoea kupokea mizigo ya ajabu. Vilikuwa vipande vya mbao za kujengea, vimekatwa kwa msumeno na kubandikwa stempu, na juu yake vimeandikwa ombi moja: shusheni riba. Waliovituma walikuwa wajenzi wa nyumba. Mbao wanazo, mafundi wanao, ila hakuna mteja anayeweza kukopa ili ajengewe. Wakulima nao walifika na matrekta wakalizingira jengo la benki hiyo.

Mbao hizo zilimlenga mwenyekiti wa benki hiyo, Paul Volcker, mtu wa urefu wa mita mbili aliyependa kuvuta sigara kubwa za bei rahisi. Alikuwa ameamua kuvunja mfumuko wa bei uliokuwa umeisumbua nchi yake kwa zaidi ya miaka kumi. Aliuvunja kweli, lakini mwishoni mwa 1982 asilimia 10.8 ya nguvukazi ya Marekani haikuwa na ajira.

Miaka arobaini baadaye benki ileile ilikabiliana tena na mfumuko mkubwa. Juni 2022 bei zilikuwa zimepanda kwa asilimia 9.1 ndani ya mwaka mmoja. Juni 2023 kasi hiyo ilikuwa imeshuka hadi asilimia 3. Na ukosefu wa ajira? Ulikuwa asilimia 3.6 mwanzoni, na asilimia 3.6 mwishoni.

Mwanafunzi anayeulizwa kwenye mtihani kwa nini kuaminika kwa benki kuu hupunguza gharama ya kushusha mfumuko wa bei anaweza kuanzia hapo, kwenye tofauti kati ya mara hizo mbili. Si tofauti yote inayotokana na kuaminika, na jambo hilo litarudiwa. Lakini kabla ya kupima kiasi, ni lazima ijulikane kwanza imani ya watu inaingiaje kwenye bei ya unga au kodi ya chumba.

Tumchukue mwenye nyumba wa Sinza, Dar es Salaam, anayepangisha chumba kwa shilingi 200,000 kwa mwezi na kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo desturi. Mwaka uliopita bei za vitu zilipanda kwa asilimia 10. Leo anaandika mkataba mpya. Atataja kodi gani? Hawezi kusubiri aone bei zitakavyokwenda, kwa sababu akishapokea fedha yake hana la kubadilisha mpaka miezi sita ipite. Anakisia. Akidhani kwamba bei zitapanda tena kwa asilimia 10, atataja 220,000. Akiamini kwamba zitapanda kwa asilimia 4 tu, atataja 208,000.

Sasa benki kuu inatangaza kwamba mwaka huu inataka mfumuko wa asilimia 4, na inapandisha riba ili fedha inayozunguka itoshe kwa ongezeko hilo tu. Mwenye nyumba akiamini, anataja 208,000, mpangaji analipa, na maisha yanaendelea. Mfumuko umeshuka na hakuna aliyeumia. Asipoamini, anataja 220,000. Fundi cherehani wa jirani naye haamini, anapandisha bei zake kwa asilimia 10. Chama cha wafanyakazi kinadai nyongeza ya asilimia 10. Bei zote zinasukumwa juu kwa kumi wakati mifukoni mwa watu kuna ongezeko la manne. Pengo hilo ni lazima litokee mahali. Linatokea kwenye chumba kinachokaa kitupu miezi mitatu, kwenye nguo zinazobaki dukani, na kwa kijana anayeambiwa kiwandani kwamba kazi imepungua.

Chumba hicho kitupu ndicho gharama yenyewe. Haikusababishwa na mfumuko kushuka, maana umeshuka katika hali zote mbili. Imesababishwa na mwenye nyumba kukisia kumi wakati ukweli ulikuwa manne.

Vitabu vya uchumi huyaweka maelezo hayo kwenye mlinganyo mfupi, na mwanafunzi akiuandika kwenye jibu lake aueleze, asiuache ujitetee wenyewe:

```
π = πe − b(u − un)
```

Hapo π ni mfumuko wa bei unaotokea, πe ni ule unaotarajiwa na watu, u ni ukosefu wa ajira, un ni kiwango chake cha kawaida, na b inaonyesha jinsi bei na mishahara inavyolegea kazi zinapoadimika. Tuseme b ni 0.5, mfumuko wa mwaka jana ni 10, na lengo ni 4. Kama hakuna anayeiamini benki, matarajio yanafuata mfumuko wa mwaka uliotangulia, yaani yanaanzia 10. Kupata pointi sita za kushuka, ukosefu wa ajira unapaswa kukaa pointi 12 juu ya kawaida kwa mwaka mzima, au pointi nne kwa miaka mitatu. Kama watu wanaiamini nusunusu na kutarajia 7, pointi 12 zinakuwa 6. Wakiiamini karibu kabisa na kutarajia 4.6, inabaki pointi 1.2 tu. Benki ni ileile na lengo ni lilelile. Kilichobadilika ni πe peke yake.

Tarakimu hizo ni za mfano. Marekani ya miaka ya 1970 haikuwa mfano, na wananchi wake walikuwa na sababu nzuri za kutoamini.

Mwaka 1974, chini ya mwenyekiti Arthur Burns, riba ya mikopo ya usiku mmoja baina ya mabenki, ambayo ndiyo usukani wa benki kuu hiyo, ilifika karibu asilimia 13. Uchumi ukaporomoka, watu wakapoteza kazi, mfumuko ukaanza kushuka. Benki ikalegeza kamba. Kufikia 1976 riba ilikuwa karibu asilimia 5, na baada ya muda mfupi bei zikaanza kukimbia tena. Raia wa kawaida hakuhitaji shahada ya uchumi kulisoma somo hilo: benki inakaza mpaka watu waanze kulia, halafu inaachia. Basi katika kujadili mshahara wa miaka mitatu ijayo, mtu mwenye busara anatarajia waachie tena. Vyama vikubwa vya wafanyakazi, kama kile cha viwanda vya magari, viliandika kabisa kwenye mikataba yao kwamba mishahara ifuate bei. Mfumuko wa jana ukawa umepandwa ndani ya mfumuko wa kesho.

Wanauchumi Finn Kydland na Edward Prescott waliandika mwaka 1977 kwamba tatizo hilo halitokani na tabia mbaya ya gavana fulani. Hata gavana mwema ana kishawishi. Watu wakishaamini kwamba mfumuko utakuwa mdogo na kusaini mikataba yao kwa imani hiyo, inamlipa kulegeza kidogo, ajira ziongezeke, wanasiasa wafurahi. Watu wanalijua hilo, kwa hiyo hawaamini tangu mwanzo. Ahadi tupu haina thamani, hata ikitolewa kwa nia safi. Ndiyo maana kuaminika kunatafutwa kwa vitu vinavyomfunga gavana mikono: sheria ya uhuru wa benki, lengo linalotangazwa hadharani, au historia ya kuwahi kuvumilia maumivu bila kurudi nyuma. Volcker hakuwa na lengo la tarakimu lililotangazwa, na historia aliyorithi ilikuwa ya kurudi nyuma.

Alianza kwa kishindo. Jumamosi, tarehe 6 Oktoba 1979, baada ya kuondoka mapema kwenye mkutano wa Shirika la Fedha la Kimataifa mjini Belgrade, aliitisha kikao cha dharura na jioni ile akazungumza na waandishi wa habari. Papa Yohane Paulo wa Pili alikuwa Washington siku hiyohiyo, kwa hiyo kuwapata wapiga picha haikuwa rahisi. Volcker alitangaza kwamba tangu hapo benki itadhibiti kiasi cha fedha chenyewe, na riba iende itakakokwenda. Ilikwenda. Kufikia Aprili 1980 ilikuwa imepita asilimia 17.

Kilichofuata ndicho sehemu ambayo majibu mengi ya mtihani huiruka, nayo ndiyo yenye funzo kubwa kuliko zote. Serikali ya Rais Carter iliweka udhibiti wa mikopo mwezi Machi 1980, Wamarekani wakaacha ghafla kutumia kadi zao, na uchumi ukaanguka kwa kasi. Benki ikaacha riba ishuke, na kufikia Julai ilikuwa karibu asilimia 9. Mfumuko ulikuwa bado juu ya asilimia 12. Kwa mtazamaji wa nje, huu ulikuwa ule mchezo wa Burns ukirudiwa: wamekaza, watu wamelia, wameachia. Wakopeshaji na wafanyakazi waliokuwa wameanza kufikiria kwamba safari hii ni kweli, wakarudi kwenye hesabu zao za zamani.

Kwa hiyo ilibidi kuanza upya, na safari ya pili ilikuwa ghali zaidi. Riba ilipandishwa hadi kupita asilimia 19 Januari 1981. Julai mwaka huo uchumi uliingia kwenye mdororo mwingine uliodumu mpaka Novemba 1982. Riba ya mkopo wa nyumba ilipita asilimia 18 Oktoba 1981, na hizo ndizo siku za mbao za posta. Safari hii benki haikulegeza kilio kilipoanza. Ilishikilia mpaka majira ya joto ya 1982, wakati mfumuko ulikuwa umekwisha kushuka sana. Rais Reagan, ambaye mwezi Agosti 1981 aliwafukuza kazi zaidi ya waongoza ndege 11,000 waliokuwa wamegoma, aliwaonyesha waajiri na vyama kwamba enzi ya kupandisha mishahara bila kikomo imefungwa. Volcker mwenyewe baadaye alikitaja kitendo hicho kuwa msaada mkubwa katika vita vya mfumuko, ingawa waliofukuzwa walikuwa na maneno mengine ya kukielezea.

Matokeo: mfumuko wa mwaka ulioishia Machi 1980 ulikuwa asilimia 14.8, na wa mwaka ulioishia Desemba 1982 ulikuwa asilimia 3.8.

Je, ilikuwa bei kubwa au ndogo? Wanauchumi huipima kwa uwiano wa hasara, yaani asilimia ya pato la mwaka mmoja la taifa inayopotea kwa kila pointi moja ya mfumuko inayoshushwa. Mwaka 1978 Arthur Okun, akijumlisha makadirio ya siku zile, alisema uwiano huo ni karibu 10. Kwa hesabu hiyo, kushusha pointi kumi kungeteketeza pato zima la mwaka mmoja. Upande wa pili walikuwapo wanaoamini matarajio yenye mantiki, akiwamo Thomas Sargent. Yeye alichunguza namna mifumuko ya kutisha ya Ujerumani, Austria, Hungaria na Poland ilivyokatika karibu ghafla katika miaka ya 1920, pale serikali ziliporekebisha bajeti zao na kuacha kuchapisha noti za kuzibia pengo. Kama watu wanaamini kweli, alisema, gharama inaweza kuwa ndogo mno.

Ya Volcker iliangukia katikati. Makadirio mengi ya baadaye yanaiweka kati ya 2 na 3. Ilikuwa nafuu kuliko hofu ya Okun, kwa sababu matarajio yalikuja kushuka watu walipoona safari hii benki haitetereki. Lakini ilikuwa mbali na ile njozi ya kutoumia, kwa sababu waliamini kwa kuchelewa, baada ya kuona kwa macho yao viwanda vikifungwa. Kuaminika alikokosa Volcker mwaka 1979 alikuja kukinunua, na fedha aliyolipia ilikuwa ajira za watu wengine.

Rudi sasa kwenye 2022. Kati ya Machi mwaka huo na Julai 2023 benki ileile ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.5. Lawrence Summers, waziri wa fedha wa zamani, alionya Juni 2022 kwamba kuukomesha mfumuko huo kungehitaji miaka mitano ya ukosefu wa ajira ulio juu ya asilimia 5, au mwaka mmoja wa asilimia 10. Ilikuwa hesabu ya mlinganyo uleule, ikichukulia kwamba matarajio yangefuata bei za jana. Hayakufuata. Katika uchunguzi wa kila mwezi wa Chuo Kikuu cha Michigan, kaya za Marekani zilizoulizwa kuhusu miaka mitano hadi kumi ijayo ziliendelea kutaja karibu asilimia 3, hata mfumuko ulipokuwa asilimia 9. Walioona bei ya petroli ikipaa walilalamika, lakini walidhani itapita. Mwenye nyumba wa kwao alitaja 208,000.

Hapa mwandishi wa jibu zuri anapaswa kupunguza mwendo. Mwaka 2022 bei zilikuwa zimepandishwa pia na bandari zilizosongamana baada ya janga la korona, uhaba wa vipuri vya kielektroniki na vita vya Ukraine. Vikwazo hivyo vilipolegea, bei zingepoa kidogo hata kama gavana angekuwa mtu asiyeaminiwa na yeyote. Kusema kwamba kuaminika ndiko kulikoleta kila kitu ni kutia chumvi. Linalosemeka kwa uhakika zaidi ni kwamba matarajio yaliyotulia yalizuia mshtuko wa bei usigeuke kuwa mbio za mishahara na bei kama zile za miaka ya 1970.

Tahadhari nyingine inatoka Ujerumani. Katika enzi ya marki hakuna benki kuu iliyoheshimika kuliko Bundesbank. Nadharia ikichukuliwa kama ilivyo, Wajerumani walipaswa kulipa bei ndogo kuliko wote kila waliposhusha mfumuko. Watafiti walipolinganisha nchi nyingi katika miaka ya 1990, akiwamo Adam Posen, hawakuona hivyo: nchi zenye benki huru hazikulipa kidogo, na nyingine zililipa zaidi. New Zealand nayo ilipitisha mwaka 1989 sheria mashuhuri iliyompa gavana lengo rasmi la mfumuko, na bado ukosefu wa ajira ukapita asilimia 10 mwanzoni mwa miaka ya 1990, ingawa nchi ilikuwa pia katikati ya mageuzi makubwa ya uchumi.

Kitendawili hicho kina maelezo mawili yanayokubalika, na kuyataja kunatenganisha jibu la kukariri na la kuelewa. La kwanza: sheria siyo imani. Bunge linaweza kupitisha uhuru wa benki leo asubuhi, lakini mwenye nyumba atasubiri aone benki inafanya nini siku uchumi utakapobana. La pili ni la kushangaza kidogo. Mahali ambapo bei zimetulia kwa miaka mingi, watu hustarehe na kusaini mikataba mirefu, isiyofungamanishwa na bei. Mikataba mirefu hubadilika polepole. Siku mfumuko unapopanda kidogo na kuhitaji kushushwa, mishahara inakuwa imegandishwa kwa miaka miwili au mitatu, na ule mkwamo wa chumba kitupu unachukua muda zaidi kuisha, hata kama kila mtu anaamini. Kuaminika kunashusha πe, sawa, lakini kwa mlango wa nyuma kunaweza pia kupunguza b.

Msomaji wa Kenya atakumbuka kisa cha karibu. Septemba 2011 riba elekezi ya Benki Kuu ya Kenya ilikuwa asilimia 7 na bei zilikuwa tayari zinakimbia. Kufikia Desemba riba hiyo ilikuwa 18, baada ya shilingi kudondoka hadi kupita 100 kwa dola moja. Mfumuko ulitoka karibu asilimia 20 mwezi Novemba 2011 hadi 3.2 Desemba 2012. Kisa hicho kinafaa kuonyesha kwamba benki iliyochelewa hulazimika kukaza kwa nguvu zaidi. Kinafaa kidogo tu kupimia kuaminika, kwa kuwa ukame wa 2011 ulipandisha bei ya chakula na mvua zikaishusha.

Gharama nyingine haimo kwenye takwimu za ajira, na ni nadra kuikuta kwenye majibu. Katikati ya 1984 Volcker alikuwa tayari ameshinda. Mfumuko wa Marekani ulikuwa karibu asilimia 4 na uchumi unakua. Hata hivyo, serikali ya Marekani ilipotaka kukopa kwa hati fungani za miaka kumi, wakopeshaji walidai zaidi ya asilimia 13. Waliwahi kuumwa na nyoka, wakawa wanaogopa ung'ongo: walidhani benki italegeza tena kama mwaka 1976 na 1980, na fedha yao iliwe na bei. Benki haikulegeza. Mfumuko haukurudi. Aliyenunua hati ile mwaka 1984 aliendelea kupokea riba yake ya asilimia 13 kutoka kwa mlipa kodi wa Marekani mpaka 1994, mwaka ambao bei zilipanda kwa chini ya asilimia 3.